Safu ya "Lini Atalipa"

Ukipita Picha ya Ndege, pale Kibaha, asubuhi ya Jumatatu ukaona binti ameketi nyuma ya magunia ya pumba akigombana na kompyuta, usimdhanie mgonjwa. Ni Holo Masanja, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyoanza.

Duka ni la Nathan Didas. Linauza vifaranga, vyakula vya kuku, dawa za kuogeshea ng'ombe na dawa za kupulizia mikorosho. Mbali na duka hilo la Kibaha, Nathan ana stoo ndogo kule Masaki, Kisarawe, anakouza mali kijana mmoja Mzaramo aitwaye Pazi. Kwa miaka Pazi aliandika mauzo yake kwenye faili lake la Ekseli, kwa mtindo wake na kwa lugha yake, wala hakuna aliyemsumbua. Kisha Nathan akanunua programu mpya ya mahesabu. Programu ikataka kila kitu kiingie mle ndani, pamoja na ankara zote za Masaki tangu Januari.

"Ijumaa jioni nataka kuziona zote," Nathan alimwambia Holo. "Ijumaa si ndiyo miezi yako mitatu ya majaribio inaisha?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi tutaongea siku hiyo hiyo."

Holo aliyaelewa maneno hayo hata kabla hayajafika mwisho. Ankara zikiingia, mkataba. Zisipoingia, arudi kwao Chole, hukohuko Kisarawe, akachunge ng'ombe wa baba yake, mzee Masanja, ambaye kila wiki alipiga simu akiuliza swali lilelile: "Wamekuajiri?" Holo akijibu kwamba bado yuko kwenye majaribio, mzee alicheka na kusema majaribio si kazi, ni kama kuonja mboga, hujala bado. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe kumi na tisa na kupe wasiohesabika. Holo alipomuuliza juu ya pesa za dawa ya kuogeshea, mzee alisema hayo hayamhusu, dawa amekwisha kulipa, yeye aangalie kazi yake.

Basi Jumatatu akaanza. Akalipakia faili la Pazi, na programu ikamwonyesha orodha mbili zikitazamana: upande mmoja sehemu inazozitaka yenyewe, namba ya ankara, namba ya mteja, tarehe, bidhaa, idadi, bei, tarehe ya mwisho wa kulipa, upande wa pili safu za Pazi. Kazi ya Holo ilikuwa kuiambia programu safu ipi iende wapi. Programu, kwa kujipendekeza, ilikuwa imekwisha kuoanisha zote yenyewe. Holo angeweza kubofya tu na kuendelea, lakini alitupia jicho mfano wa mistari mitano ya kwanza, na kumbe bora alivyofanya. Pazi huandika bei kabla ya idadi, programu ilitegemea idadi ianze, hivyo mfugaji mmoja wa Masaki alikuwa ameuziwa mifuko elfu arobaini na nane ya chakula cha kuku, kila mfuko shilingi mbili.

"Huyo kuku gani, tembo?" Holo aliisema kompyuta.

Akazioanisha upya, moja baada ya moja, kwa mkono. Safu ya mwisho ya Pazi iliitwa "Lini Atalipa". Holo akaipeleka kwenye tarehe ya mwisho wa kulipa, maana ingekwenda wapi pengine? Akabofya. Mistari mia tatu na kumi na mbili ikaingia kinuni, na majibu yakatoka: iliyopokelewa 189, iliyokataliwa 123.

Programu ilimpa faili la ile iliyokataliwa, kila mstari na sababu yake pembeni. Mmoja haukuwa ankara kabisa. Ulikuwa mstari wa mwisho alioandika Pazi, JUMLA KUU, na programu ilikuwa inauliza mteja huyo Jumla Kuu ni nani. Holo akaufuta. Ishirini na sita ilikuwa na vijimakosa vya kawaida. Kwenye bei, Pazi alikuwa ameweka alama ya "/=" baada ya namba, na programu ikaona ni maneno. Kwingine Ekseli ilikuwa imezila sifuri za mbele, mteja 0045 akabaki 45, mtu asiyekuwapo kwenye orodha. Holo akazirudisha sifuri, akaifanya safu ile isomwe kama maandishi ili zisiliwe tena, akaondoa alama, akapakia ile ishirini na sita peke yake. Hakupakia faili zima upya, kwa sababu ankara 189 zilikuwa tayari ndani na hakutaka ziingie mara mbili. Zikapita zote. Jumanne saa sita mchana alikuwa akiimba.

Zilibaki tisini na sita. Sababu ilikuwa moja kwa zote: tarehe ya mwisho wa kulipa haisomeki.

Hapa ndipo Holo alipojikwaa, na nitasema wazi kwamba alijikwaa kwa uvivu. Aliangalia mistari mitatu ya juu. Kwenye "Lini Atalipa" Pazi aliandika: korosho. Korosho. Korosho. Programu ilitaka siku, mwezi na mwaka, na Pazi alikuwa ameipa zao la biashara. Mtu mwingine angemwinulia Pazi simu. Holo alitazama saa, akawaza Ijumaa, akakumbuka kwamba sehemu ile haikuwa ya lazima. Haikuwa na nyota nyekundu kama nyingine. Akarudi kwenye ukurasa wa kuoanisha, akaiondoa safu ya "Lini Atalipa", akaiacha bila pa kwenda. Akabofya.

Iliyopokelewa 96. Iliyokataliwa 0.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo za rangi ya majivu, programu ilikuwa imeandika kwamba sehemu hiyo ikiachwa wazi itajazwa tarehe ileile ya ankara. Holo hakuisoma. Alimpigia Nathan simu, akampa habari njema, Nathan akasema "safi sana," neno ambalo hulitoa mara mbili kwa mwaka. Jioni ile Holo alinunua chipsi mayai akala na rohoni akajiona mwajiriwa.

Jumatano saa mbili asubuhi Pazi alipiga.

"Mtani," alisema, kwa maana Wazaramo na Wasukuma ni watani na Pazi hakuwahi kumwita jina jingine, "leo sina utani. Mmewafanya nini watu wangu?"

"Kwani kuna nini?"

"Watu wamejaa hapa stoo na simu mkononi. Sikiliza nikusomee. Mteja mpendwa, ankara yako imepitiliza siku sabini na moja. Lipa leo kuepuka usumbufu. Sabini na moja, Holo! Dawa ya mikorosho wamechukua mwezi wa sita, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, wewe unadai? Na nikitaka kuwapa dawa ya mzunguko wa pili, programu inaniambia mteja amezuiwa."

Holo aliifungua orodha ya wadaiwa. Alikumbuka kwamba Nathan alikuwa amewasha ukumbusho wa moja kwa moja, ujumbe unaotumwa kila asubuhi saa kumi na mbili kwa kila mwenye ankara iliyopita muda. Ankara tisini na sita zilikuwa zimeambiwa zilipwe siku ileile zilipoandikwa. Kwa macho ya programu, wote walikuwa wadaiwa sugu.

"Ni mtandao," alisema. "Mtandao ulisumbua. Nipe muda nikague."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Holo ilikuwa na urefu wa saa mbili. Saa mbili nzima alizitumia kutunga namna ya kumweleza Nathan bila kujitaja. Alifikiria kuilaumu kampuni ya simu. Alifikiria kuilaumu programu. Alimfikiria hata Pazi na korosho zake, na hilo, tumshukuru Mungu, lilimtia haya. Saa nne akaacha. Akaingia kwenye orodha ya vilivyopakiwa, akaukuta upakiaji wake wa jana ukiwa na namba yake, na pembeni kitufe cha kuufuta wote kwa mkupuo. Akabofya. Tisini na tano zikafutika. Moja ikakataa: ankara hii ina malipo, haiwezi kufutwa.

Mteja ni Mwanne wa Masaki. Amelipa kwa simu leo, saa tatu na nusu.

Holo alimpigia Pazi. "Huyu Mwanne pesa kapata wapi?"

"Kauza kuku. Kumi na mmoja, wanaotaga. Alipita mchuuzi na tenga lake akamuuzia kwa bei ya kutupa. Anasema tangu enzi za marehemu baba yake hawajadaiwa kwa kuandikiwa, aibu hiyo hawezi kulala nayo."

Saa tatu na nusu. Holo alipiga hesabu, naye hakuhitaji programu. Angesema kweli saa mbili, angeufuta upakiaji na Pazi angewatangazia watu saa mbili na robo, na kuku wangekuwa bandani wanataga. Alilia kidogo nyuma ya magunia ya pumba, akajifuta, akampigia Nathan na kumweleza yote, pamoja na zile saa mbili. Nathan hakugomba. Alisema tu, "Nenda Masaki," akakata. Holo angependelea agombe.

Saa nane alikuwa Masaki, vumbi hadi kwenye kope. Pazi alimpeleka kwa Mwanne, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimenya muhogo mlangoni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ujumbe?"

"Ndiye mimi, mama. Si kompyuta wala si mtandao. Ni mimi nilikosea. Hukuwa unadaiwa mpaka korosho."

Mwanne alimtazama, akaendelea kumenya. "Nilijua," alisema hatimaye. "Nilijua sidaiwi. Ila mtu akishaandika, mwanangu, unaanza kujitilia shaka mwenyewe." Kisha akamsogezea kigoda na kipande cha muhogo. Holo alikula muhogo ule kwa shida kuliko dawa.

Pale stoo, Pazi na Holo wakaketi na orodha. Holo akauliza swali ambalo angeuliza Jumanne: korosho maana yake lini?

"Korosho si siku moja, mtani. Kuna kuokota, kuna kupeleka ghalani, kuna mnada, halafu kuna kusubiri pesa. Lakini ukitaka tarehe ambayo hakuna wa kukulaumu, andika thelathini Novemba. Hapo hata mzembe kashalipwa."

Holo akaigawa ile safu mara mbili. Moja akaiita Tarehe ya Mwisho, akajaza 30/11. Ya pili akayaacha maneno ya Pazi yaleyale, ili ayaoanishe na sehemu ya maelezo, anayetazama ankara ajue ahadi ilitolewa kwa maneno gani. Korosho zilikuwa mistari sabini na mmoja. Bado ishirini na minne, na hiyo Holo alikuwa hajaisoma kabisa. Kumbe humo ndimo mlimokuwa na watu. "Baada ya Maulidi." "Akiuza dume jeusi." "Kaka akirudi Mtwara." "Akimaliza tanuri la mkaa." Pazi alikuwa ameandika kila ahadi kama alivyopewa, na katika miaka sita, alisema, aliyemtoroka ni mmoja tu, naye alikufa.

"Utasema kafa ni kutoroka?" Holo aliuliza.

"Mtani, kwa deni lile alikimbia."

Walicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alhamisi, Holo akiwa amerudi Kibaha, wakagawana namba za simu, wakampigia mteja mmoja mmoja, kwa salamu kamili, na kumwomba ageuze ahadi yake iwe tarehe. Wengi walifurahi kuulizwa. Mwenye dume jeusi alisema mnada wa mwezi ujao, tarehe kumi na mbili. Mwenye mkaa alisema wiki tatu, mvua ikifika wiki nne. Hadi saa tisa mchana, ishirini na mitatu ilikuwa na tarehe. Holo akapakia. Iliyopokelewa 94. Iliyokataliwa 1.

Mteja 0147. Faili la Pazi lilikuwa na namba tu, halikuwa na majina. Bidhaa: dawa ya kuogeshea ng'ombe, chupa sita. Lini Atalipa: binti akipata kazi.

"Huyu 0147 mbona hujampigia?" Holo alimuuliza Pazi kwa simu.

"Huyo? Huyo muache, mtandao kwao mbovu."

"Kwao wapi?"

"Kule... mbali. Muache tu, nitamtafuta siku nyingine."

Pazi ana mambo mengi, lakini kudanganya hajui. Holo akafungua orodha ya wateja, akaandika 0147, sifuri yake mbele. Jina likaja: Masanja Magembe, Chole.

Ni baba yake. Mzee aliyesema dawa amekwisha kulipa. Mzee aliyekuwa akiuliza kila wiki, "Wamekuajiri?", na bintiye akidhani ni hamu ya kujisifu tu kwa majirani.

"Alinikataza nisikwambie," Pazi alisema polepole upande wa pili. "Alisema ukijua utaondoka kazini ukatafute pesa. Nami nikamwambia, baba, mimi siandiki uongo kwenye safu ile. Akasema basi andika ukweli bila jina. Nikaandika."

Holo angeweza kumaliza palepale. Kuandika 30/11 kulihitaji vidole viwili, mstari ungepita, na Nathan angeona sifuri. Hakuna ambaye angejua. Lakini angetoa wapi tarehe ya kupata kazi, yeye ambaye keshoye ndiyo siku ya kuambiwa anayo au hana, tena baada ya kuku wa Mwanne? Jumanne alikuwa ameiachia programu ijaze tarehe tisini na sita asizozijua. Mstari uliokataliwa angalau haukumtumia mtu ujumbe. Akauacha.

Ijumaa jioni Nathan alikuja, akavuta kigoda, akatazama skrini.

"Moja imekataliwa."

"Ndiyo, bosi. Tarehe yake siijui."

"Jumanne uliniletea sifuri."

"Jumanne nilikuletea uongo, bosi. Na kuna jambo jingine. Kuku wa Mwanne. Naomba duka limpe vifaranga ishirini, mnikate mimi kama kuna cha kukata."

Nathan alikuna kidevu. Ni mtu anayehesabu hata punje za mtama zinazomwagika, na vifaranga ishirini walimpita usoni mmoja mmoja. "Ishirini na watano," alisema mwishowe, "na chakula cha mwezi. Jina la duka lilitumwa kwenye simu yake, si lako." Kisha akainamia skrini. "Binti akipata kazi. Ha! Huyu mzee naye. Binti gani, anasoma wapi?"

Holo akabofya jina la mteja likafunguka. Nathan akasoma Masanja Magembe, Chole. Akasoma tena. Akamgeukia binti aliyeketi kando yake, ambaye kwa miezi mitatu alimsainia posho kwa jina la Holo Masanja, naye Holo alikuwa akitazama magunia ya pumba.

Nje lori lilipita likaondoka na kelele zake. Halafu Nathan akautoa mkoba, akatoa karatasi mbili za mkataba zilizokunjwa, akazilaza juu ya meza.

"Mshahara hapa hutoka tarehe ngapi?"

"Thelathini, bosi."

"Basi unangoja nini? Jaza."

Holo akaandika 30/09 kwenye tarehe. Kwenye maelezo akayaacha maneno ya baba yake kama yalivyo. Akakosea akafuta, akaandika tena, akabofya.

Iliyopokelewa 1. Iliyokataliwa 0.

Akachukua simu, akatoka nje kumpigia mzee. Mtandao wa Chole ulikuwa mbovu kweli, na simu ikaita mara nne kabla haijapokelewa.

"Wamekuajiri?" mzee aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Shikamoo, baba," Holo alisema. "Una deni, unalijua?"